Cheti ambacho hujakipata: kiingie kwenye wasifu au kisubiri?

Wapo wanaoshikilia kwamba cheti ambacho hujafaulu mtihani wake hakina nafasi kwenye wasifu. Hoja yao ina nguvu ukiangalia jinsi wasifu unavyosomwa siku hizi. Maombi yakiwa mengi, afisa uajiri huandika CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, kwenye mfumo wa kupokea maombi, nao humletea kila wasifu wenye herufi hizo nne. Mwenye cheti na anayekisomea wanatokea kwenye orodha moja. Afisa akipitisha macho haraka, anaweza kuwahesabu wote kuwa wanacho, kisha akaja kujua ukweli siku anapoomba uthibitisho. Hapo hata mwombaji aliyeandika "kinatarajiwa" kwa nia njema ataonekana mjanja.

Upande wa pili nao una haki yake. Mtu aliyejifunza kwa miezi kadhaa, akajenga mitandao ya majaribio na kulipia mtihani, hayuko sawa na asiyejua kusanidi swichi. Akinyamaza, mwajiri anakosa taarifa ya kweli inayomsaidia kuchagua, hasa kwa nafasi za wanaoanza kazi, ambazo waombaji wake hawana uzoefu mwingi wa kuonyesha.

Mimi naona kiingie. Ila mgogoro wote umelala kwenye kitu kimoja, nacho ni tarehe.

Tumchukue mwombaji wa kazi ya ufundi wa mitandao anayesomea CCNA ya Cisco. Chini ya kichwa "Vyeti" ameandika: "CCNA, Juni 2026". Hajaandika uongo wowote kichwani mwake, lakini kwa desturi tarehe iliyo kando ya cheti ni ya kukipata. Wasifu huo ukisomwa Julai, hakuna atakayedhani kwamba hana cheti. Anasahihisha: "CCNA, kinatarajiwa Juni 2026". Ni afadhali, ingawa bado anaahidi asichokimiliki. Anachokijua ni siku ya kuingia kwenye chumba cha mtihani, matokeo hayajui. Tena mstari huo ungali chini ya "Vyeti", pamoja na vile alivyovipata.

Ningemshauri aufungulie mstari huo kichwa chake, "Mafunzo yanayoendelea", aandike hivi: "Najiandaa kwa mtihani wa CCNA (200-301), uliopangwa tarehe 12 Juni 2026. Nimemaliza mada za VLAN na OSPF kwa mazoezi ya Packet Tracer. Nimebakiza usalama na otomatiki." Hali inatangulia jina la cheti, kwa hiyo hata msomaji mwenye haraka hukutana na "najiandaa" kwanza. Tarehe ni ya mtihani, si ya cheti. Na sehemu ya pili inampa msaili kitu cha kuuliza, kwa hiyo mwombaji asitaje OSPF kama hawezi kueleza jinsi ruta zinavyokuwa majirani.

Na kama mtihani haujalipiwa wala kupangwa? Basi tarehe isiandikwe kabisa. Tarehe ya matumaini na tarehe iliyopangwa zinafanana kwenye karatasi, na msomaji hana njia ya kuzitofautisha. Aandike tu kwamba anajiandaa na amefika wapi.

Ushauri huu una mipaka, kwa sababu baadhi ya taasisi zimeweka kanuni zao. Taasisi ya CFA, inayotoa cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, hairuhusu mtu ajiandikie "CFA" na mwaka anaotarajia. Mtahiniwa aliyesajiliwa anaweza kusema kwamba ni mtahiniwa wa ngazi fulani, au kwamba amefaulu ngazi ya kwanza, kwa kuwa hayo ni mambo yaliyokwisha kutokea. Kabla ya kuandika chochote, soma kanuni za mtoaji wa cheti chako.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba wasifu hubaki kwenye mifumo ya waajiri muda mrefu baada ya kutumwa. Tarehe 12 Juni ikipita na mstari ukabaki vilevile, anayeusoma Agosti atajiuliza kama mwombaji alifeli, aliahirisha au hakuwahi kujiandikisha. Akiahirisha, abadilishe tarehe mara moja. Akifeli, Cisco humtaka asubiri siku tano kabla ya kurudia, kwa hiyo anaweza kuondoa tarehe ya zamani, kupanga mpya na kuiandika bila kueleza historia. Akiwa tayari ameitwa kwenye usaili, amwandikie afisa uajiri sentensi mbili kabla ya siku hiyo: hakufaulu mtihani, na wa marudio umepangwa tarehe fulani. Afisa aliyeambiwa mapema bado anaweza kuamua kama nafasi ile inahitaji cheti siku ya kwanza kazini au inaweza kukisubiri.