Dar hadi Dodoma: treni, basi au gari ndogo?

Tangu SGR ianze kwenda Dodoma mwezi Julai 2024, mjadala wa usafiri umekuwa mwepesi kupita kiasi. Mtu akiuliza apande nini, anajibiwa "treni, saa tatu na nusu umefika". Jibu hilo ni la kweli kwa anayeishi stesheni. Sisi wengine tunaishi Kimara, Tegeta, Mbagala na Gongo la Mboto, na safari yetu inaanzia mlangoni kwetu.

Tuchukue mfano wa mama anayekaa Kimara Temboni, ana watoto wawili wa miaka sita na tisa, na anakwenda kwa ndugu zake Dodoma mjini. Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iko karibu naye. Stesheni kuu ya SGR iko katikati ya jiji, kwa hiyo akitaka treni ni lazima kwanza arudi nyuma hadi mjini, kinyume kabisa na anakokwenda. Kwa mwendokasi wa asubuhi, na foleni ya kuupata, ajipangie saa moja na nusu. Kisha awahi kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo inapitishwa kwenye mashine, tiketi zinakaguliwa, na lango likifungwa limefungwa. Hapo ongeza saa moja nyingine, au zaidi kidogo kama hataki kuhema. Treni ya kawaida itamchukua karibu saa nne, na akishuka atahitaji bajaji ya kumfikisha nyumbani. Jumla ni kama saa saba.

Kwa basi, nusu saa inamtosha kufika Mbezi na kuketi kwenye kiti. Barabara ina takriban kilomita 450. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu linashuka hadi 50. Makazi hayo ni mengi: Mlandizi, Chalinze, Mikese, Morogoro yenyewe, Dumila, Gairo, Kibaigwa. Ongeza mizani, ongeza Msamvu kushusha na kupakia, ongeza kusimama kula na kuchimba dawa. Saa nane hadi tisa ni kawaida, na stendi ya Nanenane nayo inahitaji bajaji. Jumla ni kama saa kumi.

Kwa hiyo tofauti kwake ni saa tatu hivi, ingawa ubao wa matangazo ungemwambia tano. Angekuwa anakaa Gongo la Mboto, hesabu ingegeuka kabisa, kwa sababu stesheni ya Pugu ingekuwa jirani yake na Mbezi ndiyo ingekuwa safari.

Sasa fedha. Nauli ya treni ya kawaida iliyopangwa wakati huduma inaanza ni shilingi 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Mama huyu analipa 62,000 na kila mmoja ana kiti chake. Kwa basi, nauli elekezi za LATRA za Desemba 2023 ziliweka shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Kwa umbali huo ni kama 22,000 na 30,500 kwa kiti. Viti vitatu vya kawaida vinafika 66,000, na vya daraja la kati vinapita 90,000. Ndiyo maana wazazi wengi humpakata mtoto mmoja saa nane nzima. Hapa nasema bila kusita: mwenye watoto apande treni, hata akiishi Mbezi. Choo kipo ndani, watoto wanaweza kusimama na kutembea, na hakuna anayemwomba konda asimamishe gari.

Kijana anayesafiri peke yake na begi moja yuko katika hali tofauti. Kwake basi la kawaida linaokoa karibu 9,000, na hiyo ni fedha. Kuhusu Mchongoko, ile treni ya haraka ya 40,000, muda unaookolewa mbele ya treni ya kawaida ni wa dakika, si wa saa. Mimi nisingeilipia ila ratiba yake iwe ndiyo inayonifaa.

Jambo ambalo mjadala unalisahau ni ramani. Hadi Morogoro, reli na barabara zinakwenda upande mmoja. Baada ya hapo zinaachana: barabara inapanda kupitia Dumila, Gairo na Kibaigwa, na reli inapita kusini kwa Kilosa, Kidete na Gulwe. Mfanyabiashara wa mahindi anayekwenda soko la Kibaigwa akipanda treni atalipia hadi Dodoma, kisha arudi nyuma kwa gari. Kwake basi ndilo usafiri, na hakuna cha kujadili. Anayeunganisha kwenda Singida au Mwanza naye mara nyingi anafanya vizuri kubaki kwenye basi lake moja, na mizigo yake ikae kwenye buti hadi mwisho. Lakini mtu wa Kilosa, au wa Mpwapwa anayeweza kushukia Gulwe, reli imemsogezea jiji kuliko barabara ilivyowahi kufanya. Aulize tu kama treni anayokata inasimama hapo.

Treni ina udhaifu wake. Inategemea umeme, na katika siku zile za mwanzo za Dodoma iliwahi kusimama njiani kwa hitilafu ya umeme. Abiria wa basi bovu hufaulishwa kwenye basi jingine, ila abiria wa treni iliyozimika porini anasubiri. Pia tiketi za Ijumaa na za mwisho wa Desemba huisha mapema, wakati ambapo Mbezi, siku za kawaida, mtu anaweza kufika bila tiketi na bado akaondoka ndani ya saa moja.

Limebaki gari ndogo: Noah, Alphard au gari ya mtu binafsi inayokusanya abiria kando ya barabara pale Mbezi. Sifa yake ni kwamba inakwenda haraka kuliko basi na inaweza kukushusha mlangoni. Usiku wa msiba, treni ikiwa imeondoka, naelewa kwa nini mtu anaipanda. Lakini mwendo huo unatoka kwenye kuovateki malori, na muda uliookolewa unaweza kuwa tayari umeliwa mkisubiri kichwa cha mwisho ili gari lijae.

Kubwa zaidi ni bima. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halikuwekewa kinga ya abiria wanaolipa nauli. Likipinduka, huna tiketi, jina lako haliko popote, na kudai fidia ni vita. Hatari zaidi ni magari ya IT, yanayotoka bandarini kwenda nchi jirani. Dereva wake analipwa kufikisha gari mpakani, vichwa anavyookota ni fedha yake ya pembeni, na Dodoma kwake ni kituo tu cha njiani. Anawahi, na huenda hajalala.

Kama huna budi, tazama namba ya gari kwanza, na IT uiache ipite. Muulize dereva ametoka wapi na ameamka saa ngapi, kisha kaa kiti chenye mkanda unaofunga. Mtumie ndugu yako namba ya gari kabla hamjaondoka. Na nauli lipa mkifika: dereva anayeidai yote pale Mbezi anaweza kukuuza kwa gari jingine Morogoro.