Nodi mlinzi haifuti masharti, inayahamisha

Anayeandika orodha iliyounganishwa pande mbili kwa mara ya kwanza huanza na pointa mbili, `kichwa` na `mkia`, zote zikiwa `NULL` orodha ikiwa tupu. Hapo ndipo masharti yanapoanza kurundikana. Kuongeza mkiani kunadai uulize kama kuna mkia. Kufuta ni kuzito zaidi: nodi inaweza kuwa ya kwanza, ya mwisho, ya katikati, au ndiyo pekee iliyobaki. Hiyo ya pekee ndiyo inayosumbua kuliko zote. Mtu akirekebisha `kichwa` na kusahau `mkia`, programu inaendelea kama kawaida, kisha inaanguka baadaye, pale unapoongeza kitu kipya mkiani, kwa sababu `mkia` bado inaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Unachunguza kuongeza, kumbe kosa liko kwenye kufuta.

Nodi mlinzi inalimaliza tatizo hilo kabisa. Ni nodi isiyobeba data, inayokuwepo tangu orodha inapoundwa, na pointa zake zote mbili zinaanza kwa kuielekeza yenyewe. Orodha inakuwa duara, na kila nodi ina jirani pande zote. Kuongeza kunabaki hivi:

```c
void weka(struct nodi *n, struct nodi *a, struct nodi *b)
{
    n->nyuma = a;
    n->mbele = b;
    a->mbele = n;
    b->nyuma = n;
}
```

Tukimwita mlinzi `m`, kuongeza kichwani ni `weka(n, &m, m.mbele)`, na mkiani ni `weka(n, m.nyuma, &m)`. Chukua orodha tupu: `a` na `b` zote ni `&m`. Baada ya mistari minne, `n` ina mlinzi mbele na nyuma, na mlinzi ana `n` mbele na nyuma. Hakuna `if` hata moja, na matokeo ni sahihi. Kufuta nako ni mistari miwili tu, kuunganisha jirani wa nyuma na wa mbele, bila hata kujua nodi ni ya orodha ipi. Kerneli ya Linux inatumia muundo huu huu katika `struct list_head`.

Lakini sikubaliani na wanaosema gharama yake ni nodi moja ya ziada basi. Sharti halikutoweka, limehamia kwingine.

Kwanza, limehamia kwenye kupitia orodha. Mwisho sasa si `NULL`, ni anwani ya mlinzi. Ukitafuta kitu na usikipate, kitanzi kinakuachia pointa iliyo halali kabisa, ya nodi isiyo na data. Aliyezoea kupima `NULL` atasoma takataka na wala programu haitaanguka. Hili naliona baya kuliko kuanguka, kwa kuwa `NULL` angalau hupiga kelele.

Pili, limehamia kwenye kunakili. Mlinzi akikaa ndani ya muundo wa orodha, anwani yake imeandikwa ndani ya majirani zake. Andika `k = m` na orodha ikiwa tupu: `k.mbele` inaelekeza `&m`, si `&k`, kwa hiyo `k` inaonekana ina kitu. Ikiwa na vitu, kitanzi kinachosubiri kufika `&k` kitazunguka milele, kikimpita `m` kila raundi kana kwamba ni data. Ukiona kitanzi kisichoisha mara tu baada ya orodha kurudishwa na funksheni au kuwekwa ndani ya safu iliyopanuliwa kwa `realloc`, anza kushuku hapo. Ukimweka mlinzi kwenye kumbukumbu yake mwenyewe, anwani haibadiliki, ila sasa hata orodha tupu inahitaji `malloc`, ambayo inaweza kushindwa.

Kuhusu nafasi, hoja ina uzito pale tu orodha zinapokuwa nyingi na fupi. Jedwali la heshi lenye vikapu 65,536 kwenye mashine ya biti 64 litatumia baiti 16 kwa kila mlinzi, yaani takriban megabaiti moja kabla ya kuweka kitu chochote. Ndiyo maana kerneli hiyo hiyo ina `hlist_head`, yenye pointa moja ya baiti 8. Inapoteza njia ya kufikia mkia moja kwa moja, jambo ambalo kikapu cha heshi hakilihitaji.

Kwa hiyo mimi namchagua mlinzi pale orodha inapokaa mahali pamoja maisha yake yote na nodi zinafutwa katikati mara kwa mara, kama foleni ya kazi au kache inayotupa kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Na ninaficha kupitia orodha nyuma ya funksheni ya kutafuta inayorudisha `NULL` ikikosa, ili anayeiita asiione kamwe anwani ya mlinzi.