Ukaguzi wa kushtukiza: zamu ya kila mwezi au kura ya kila siku?

Mpango unaopendwa sana katika ukaguzi ni huu: kila kituo kikaguliwe mara moja kwa mwezi, siku yenyewe ipigiwe kura. Ukiutazama haraka unaonekana wa kushtukiza kweli. Lakini anayekaguliwa akishaujua utaratibu, hana haja ya kuiona ratiba. Tuseme vituo ni 12 na mwezi una siku 20 za kazi. Kituo kilichokaguliwa siku ya 3 kina siku 17 za uhakika ambazo mkaguzi hatarudi. Kituo ambacho hakijafikiwa hadi asubuhi ya siku ya 18 kinajua zimebaki siku tatu tu, kwa hiyo kinajipanga. Kura ilipigwa kwa haki; kilichovujisha siri ni ahadi ya "mara moja kwa mwezi".

Njia nyingine ni kupiga kura upya kila asubuhi, bila kujali nani alikaguliwa jana. Chukua namba 1 hadi 20. Namba 1 hadi 12 ni vituo. Ikitoka 13 hadi 20, mkaguzi haendi popote siku hiyo. Kila kituo kina nafasi 1 kati ya 20 kila siku, yaani kwa wastani ziara moja katika siku 20, sawa na mpango wa kwanza. Tofauti ni kwamba aliyekaguliwa jana hajapata likizo.

Gharama yake ipo, na si ndogo. Nafasi ya kituo kupita siku 20 bila kukaguliwa ni 0.95 mara yenyewe mara 20, karibu asilimia 36. Kila mwezi, basi, vituo kama vinne kati ya 12 havitaguswa, huku kingine kikitembelewa mara mbili au tatu na kulalamika kwamba kinaonewa. Pale kanuni zinapotaka kila kituo kifikiwe, kura tupu haitoshi.

Kipi kizito zaidi? Inategemea aina ya kosa. Kizimamoto kilichokwisha muda au ngazi iliyovunjika haifichiki mkaguzi akiwa mlangoni. Kwa makosa hayo muhimu ni kufika kila mahali, na hata ziara ya kutangazwa inafaa. Mizani iliyochezewa, au zamu yenye watu pungufu, hurekebishwa kwa nusu saa. Hapo siku ikibashirika, ziara ni matembezi tu.

Kwa hiyo ningeacha kura ya kila siku iwe msingi, na kuweka ukomo: kituo kikipita siku 60 bila ziara, kipangiwe ya lazima ndani ya siku 10 zinazofuata, siku ikipigiwa kura. Ndiyo, ukomo huo nao unabashirika. Lakini ni mapengo kama 5 tu kati ya 100 yanayofika huko, na anayebashiri hapo anajiandaa kwa siku chache, wakati mpango wa kila mwezi humpa mtu wiki nzima za uhuru.

Kura yenyewe huharibika mikononi mwa wanaoipiga. `RANDBETWEEN(1,20)` kwenye lahajedwali hutoa namba mpya kila lahajedwali linapokokotolewa upya, hivyo asiyependa safari ya mbali hubonyeza tena hadi apate ya karibu. Ni afadhali namba itolewe mara moja na kuandikwa papo hapo na mtu asiyesafiri, kwa mfano kwa Python:

```
import secrets
print(secrets.randbelow(20) + 1)
```

Rekodi zenyewe zitasema kama kuna mkono wa mtu. Katika ziara 120, tarajia kama sita ambazo kituo kilekile kilirudiwa siku ya kazi iliyofuata. Yasipopatikana marudio hata moja, karibu hakika kuna anayechagua, maana watu hukwepa kurudia wakidhani kurudia si bahati nasibu. Namba 13 hadi 20 nazo ziandikwe: katika kura 200 zitoke kama 80. Zikifika 120, kuna safari zinazokwepwa.

Nafasi pia si lazima ziwe sawa: kituo chenye hatari kubwa kipewe namba mbili badala ya moja. Uwanja wa ndege wa Los Angeles ulianza mwaka 2007 kutumia programu ya ARMOR kupanga vizuizi vya barabarani na doria za mbwa kwa kura yenye uzito wa namna hiyo.

Kura moja kwa siku ina tundu jingine. Mkaguzi akionekana kituo kimoja saa tatu asubuhi, simu zinapigwa, na vituo 11 vilivyobaki vinajua viko salama hadi kesho. Piga kura mbili, asubuhi na mchana, kila moja ikiwa na namba 1 hadi 40: vituo 12, namba 28 tupu. Idadi ya ziara haibadiliki, ila ya mchana isipigwe kabla ya wakati wake, wala gari lisiombwe mapema.