Ukituliza video kabla ya kubadili sura, mtikisiko wake urudishe

Juzi nilikuwa naediti sini ya sekunde 6 ya filamu fupi, dabo anakimbia kichochoroni na mpiga kamera anarudi kinyumenyume mbele yake, kazi yangu ni kumvalisha dabo sura ya mwigizaji mwenyewe, na wote wawili walishakubali kwa maandishi. Fremu 25 kwa sekunde, jumla 150, na kila fremu kichwa kiko mahali pengine.

Ukiipa programu klipu hivyohivyo, kila fremu inautafuta uso upya na kukadiria upya, basi sura mpya inatetemeka kivyake juu ya kichwa kinachotikisika kivyake. Kwa hiyo mi natuliza kwanza, na ninachokituliza ni kichwa, sio ukuta wa nyuma. Kwenye Blender naweka alama mbili za kufuatilia, moja ukingo wa sikio na nyingine pale nywele zinapoanzia, mdomoni hapana maana mdomo unacheza. Zile kingo nyeusi zinazoruka pembeni ziache tu, ukikuza picha ili kuzificha unapoteza ukali bure.

Sasa baada ya kubadili sura, unaiacha imetulia au unarudisha mtikisiko? Wengi wanaiacha kwa sababu inaonekana safi, mi nakataa kabisa. Shuta ilikuwa 1/50, kamera ikiruka kwa nguvu fremu hiyo inatoka na ukungu wa mwendo, na kutuliza kunaondoa mruko lakini ukungu unabaki palepale, unaishia kuona uso umetulia tuli halafu ghafla unafifia na kurudi, unafifia na kurudi, na mtazamaji anajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui kukitaja. Ukirudisha mtikisiko, ukungu unapata sababu yake. Na sura mpya nayo iwekewe ukungu kwenye fremu zilezile, la sivyo itakuwa kali kuliko masikio yake.

Ila usirudishe fremu nzima. Kila ukiisogeza au kuizungusha picha, pikseli zinakokotolewa upya na picha inalainika kidogo, ukienda na kurudi ni mara mbili. Kata kipande cha uso peke yake na maski yake, kipitishe kwenye nodi ya `Stabilize 2D` ukiwa umetiki `Invert`, kisha kilaze juu ya klipu ya asili ambayo haijaguswa. Ukuta, mikono, shati, vyote vinabaki kama vilivyopigwa, na zile kingo nyeusi hazikuhusu tena.

Kabla hata ya kubadili sura mi napitisha klipu tupu kwenda na kurudi, halafu naitoa kwenye ya asili kwa `Difference`. Ukiacha pembeni mwa fremu palipokatwa wakati wa kutuliza, ikitoka nyeusi yenye vistari hafifu kwenye kingo za vitu, poa. Vistari vikinenepa, basi kuna seting ya kutuliza imebadilishwa katikati, na kipande cha uso kitateleza tu.