Picha ya ngazi inaweza kushtaki, kutetea haiwezi

Fundi wa stima ameanguka kutoka kwenye ngazi kwenye ploti yetu hapa Umoja. Mkono umevunjika karibu na kiganja, na kesi yake imeshaamuliwa kwenye simu kabla hata hajatoka kufungwa plasta. Hakimu ni picha moja.

Picha yenyewe aliipiga mpangaji aliyekuwa akiingia getini, dakika chache kabla ya ajali. Fundi anaonekana akipanda kwenda kufunga taa ya usalama kwenye ule ukuta wa mawe wa upande ambao haukuwahi kupigwa plasta (tumeambiwa "mwezi ujao" tangu nihamie). Kijana wa nyumba namba nane, aliye mwaka wa kwanza chuoni, akaifungua kwenye kompyuta, akahesabu pikseli, akatangaza kwenye kundi la wapangaji kwamba ngazi ilikuwa imesimama kwa nyuzi 76. Kanuni ya mafundi inataka kama 75. Basi. Mwenye nyumba akashika hapo hapo: ngazi ilikuwa sawa, fundi alijiangusha, bili ya hospitali ni yake.

Nilipouliza, msimamizi wa ploti aliniambia, "Mama Njeri, hata mtoto anaona hiyo ngazi iko wima. Unataka nini tena?"

Nataka tusome hiyo picha. Mimi kazi yangu ni kupima mashamba, nimeishi na pembe miaka mingi, na kuna jambo moja kuhusu picha za ngazi linalonikera kwa sababu linawaonea watu wa aina moja tu.

Kwanza nimpe kijana haki yake. Hesabu yake haina kosa. Alichukua ncha ya juu ya ngazi na mguu wake, akapata pikseli 1,290 kwa kwenda juu na 310 kwa kwenda kando. Akagawanya, akapata 4.16, akatafuta pembe ambayo tanjenti yake ni hiyo, ikatoka nyuzi 76 na nusu. Ni hesabu ya Kidato cha Pili, na aliifanya vizuri kuliko wengi waliompigia makofi. Uzuri wa tanjenti ni kwamba huhitaji kujua picha ina kipimo gani. Urefu kwa upana, pikseli kwa pikseli, vipimo vinafutana.

Ila hesabu hiyo ina sharti lake. Aliyepiga picha awe amesimama ubavuni kabisa mwa ngazi, na huyu alikuwa getini.

Fungua mlango wa chumba chako, usimame mbele yake, kisha mtu auzungushe polepole. Kimo cha mlango hakipungui hata kidogo. Upana ndio unaoyeyuka, mpaka mwishowe unatazamana na ukingo wake na mlango mzima umekuwa mstari. Ngazi, ukuta na ardhi ni pembetatu, na pembetatu hiyo ni kama mlango huo. Ukiitazama ubavuni unaiona nzima. Ukisogea kuelekea mbele ya ukuta, ule umbali wa mguu wa ngazi kutoka ukutani unaanza kusinyaa machoni pako, lakini kimo kinabaki vile vile. Kimo kile kile kwa upana uliosinyaa ni tanjenti kubwa zaidi, na tanjenti kubwa ni ngazi inayoonekana wima zaidi kuliko ilivyo.

Hili ndilo linalonipandisha damu. Kosa hili halichezi huku na huku kama makosa mengine ya kupima, ambayo leo yanakupendelea na kesho yanakuumiza. Linaelekea upande mmoja tu. Kamera ikiwa imenyooka na iko mbali kiasi, lakini haiko ubavuni kabisa, ngazi iliyolala itaonekana imesimama, na haitakuwa kinyume. Kwa hiyo picha kama hiyo ikionyesha ngazi imelala mno, amini, maana ukweli ni huo au umelala zaidi. Ikionyesha iko sawa, haijakwambia kitu. Tumechukua shahidi asiyeweza kusema "imelala" isipokuwa mambo yakiwa mabaya sana, tukamuuliza kama ngazi ilikuwa imelala.

Na kujua kama mpigaji alikuwa ubavuni hakuhitaji hesabu. Tazama vidato vya ngazi. Kutoka ubavuni kabisa, zile nguzo mbili za ngazi zinafunikana zikawa moja, na kidato unakiona kama kitone. Ukuta nao unabaki ukingo tu, uso wake huuoni. Kwenye picha yetu vidato vinaonekana kwa urefu, unaweza kuvihesabu kimoja kimoja, na mawe ya ukutani yamejipanga wazi kama meno. Hiyo si picha ya ubavuni, hata uikate kando namna gani.

Sasa tufanyeje? Picha ndiyo hiyo moja. Niliacha pikseli nikaanza kuhesabu vitu.

Chini ya ule ukuta kuna slabu za saruji zilizopangwa mistari iliyonyooka kutoka ukutani. Mguu wa ngazi umekanyaga katikati ya slabu ya nne. Hata picha iwe imepigwa kutoka pembe gani, slabu tatu na nusu zinabaki slabu tatu na nusu. Zikisinyaa zinasinyaa pamoja. Na ukuta wa mawe ni rula iliyosimama. Ncha ya ngazi imefika mwisho wa mstari wa 19 wa mawe. Nilichukua futi nikashuka. Slabu moja ni sentimita 60. Mstari mmoja wa mawe, pamoja na saruji yake, ni sentimita 24. (Nilipima mistari mitano kwa pamoja nikagawanya. Fundi wa mawe wa ploti hii hakuwa mtu wa kuambiwa kuhusu usawa.)

Basi kimo ni 19 × 24, yaani mita 4.56. Umbali wa mguu ni 3.5 × 60, yaani mita 2.10. Gawanya, unapata 2.17. Hiyo ni tanjenti ya nyuzi 65.

Nyuzi 65, wala si 76.

Nilijishuku pia. Labda mguu ulikuwa umesogea kidogo kwenye ile slabu ya nne? Nikajaribu kuusogeza sentimita sita mbele, kisha sita nyuma: pembe inacheza kati ya 64.6 na 65.9. Kisha nikatumia Pithagorasi kutafuta urefu wa ngazi kutokana na kimo na umbali huo, ikatoka mita 5.02. Ngazi iko pale chini ya ngazi za nyumba, imefungwa mnyororo kama mshtakiwa. Nimeipima. Mita tano.

Kwa wale watakaosema mawe na slabu ni uchawi wangu, kuna shahidi wa pili ndani ya picha ile ile. Kidato kina upana wa sentimita 40. Kwa kipimo cha picha (pikseli 1,290 kwa mita 4.56), kikitazamwa uso kwa uso kingekuwa kama pikseli 113. Kwenye picha kina 96. Huo ni uwiano wa 0.85, ambao ni sini ya nyuzi 58. Maana yake mpigaji picha alikuwa amehama nyuzi 58 kutoka ubavuni, yaani alikuwa karibu na mbele ya ukuta kuliko kando yake. Kosini ya 58 ni 0.53. Zile pikseli 310 za kijana, ukizigawanya kwa 0.53, zinakuwa kama 585, na hizo ni mita mbili na sentimita saba hivi. Slabu tatu na nusu, tena, kwa njia nyingine.

Nakubali, shingo upande, kwamba kamera ikielekezwa juu mambo yanageuka: kimo ndicho kinachosinyaa, na ngazi nzuri inaweza kuonekana imelala. Lakini hapo utaona kingo za ukuta zinaanza kuegemeana kuelekea juu. Kwenye picha hii zimenyooka. Simu nayo ikiinamishwa upande, pima kutoka kwenye ukuta, usipime kutoka kwenye ukingo wa picha.

Wengine wameniuliza, nyuzi 11 ni kitu gani? Kwa kimo, si kitu. Ngazi ya mita tano kwenye nyuzi 75 na nusu inafika mita 4.84. Kwenye 65 inafika kama mita 4.54. Tofauti ni sentimita 30, ndiyo maana jicho halishtuki. Mguu ndio uliohama, kutoka mita 1.25 hadi 2.10. Na mguu ndio unaoteleza. Mtu wa kilo 70 akiwa karibu na kileleni, kwenye ile kanuni ya mafundi ya nyuzi 75 hivi ngazi inasukuma chini yake kwenda nje kwa nguvu kama ya kilo 18. Kwenye nyuzi 65 inasukuma kama kilo 32. Msuguano wa slabu yenye vumbi haujui kwamba kwenye picha ngazi inapendeza.

Sasa mtasema nimemmaliza fundi mwenyewe. Kama ngazi ilikuwa imelala, si ni yeye aliyeiweka? Ndiyo, ni yeye. Na angeweza kuijaribu kwa njia ya bure ambayo kila fundi anaijua: vidole vya miguu viguse mguu wa ngazi, unyooshe mikono mbele, viganja vifikie kidato cha usawa wa mabega. Nilikwenda kumwona. Nikampa pole, nikamuuliza mbona aliutoa mguu mbali vile.

"Mama, hapo karibu ningeuweka wapi? Si umeiona hiyo slabu?"

Nikarudi kwenye picha, nikaikuza. Mita 1.25 kutoka ukutani, pale mguu ulipopaswa kukaa, unavuka slabu mbili unaingia sentimita tano kwenye ya tatu. Slabu ya tatu imepasuka katikati, nusu yake imezama, na maji yametuama humo. Ilipasuka wakati wa mvua. Mimi mwenyewe niliandika kuihusu kwenye lile lile kundi la wapangaji, nikajibiwa kwa kidole gumba.

Niliyaweka yote hayo kwenye kundi Jumapili jioni: slabu, mawe, nyuzi 65, na ile slabu ya tatu nimeizungushia mstari mwekundu. Kijana wa namba nane alinitafuta kando akaomba nimwonyeshe ile ya kidato na sini. Mwenye nyumba hajajibu mpaka leo.

Lakini Jumatano asubuhi nikienda kazini nilikuta slabu ya tatu imebadilishwa. Mpya kabisa, saruji bado haijakauka vizuri kwenye kingo. Bili ya hospitali bado iko kwa fundi.