Siku 30 za Spotify: saa haianzii pale wengi wanapodhani

"Nimelipia Premium, nyimbo nimezipakua kwa bando langu mwenyewe, halafu siku moja nafungua nakuta hakuna kitu. Hiyo nayo ni kupakua, au nimeazimwa tu?"

Umeazimwa, na anayelalamika hivi ana hoja ya kweli. Ila manung'uniko ya aina hii huchanganya mambo mawili: ruhusa ya kusikiliza kuisha, na mafaili yenyewe kupotea kwenye simu. La kwanza ndilo linalolaumiwa kila siku, na ndilo jepesi. La pili ndilo linalokula bando, na mara nyingi halihusiani kabisa na siku 30.

Sharti lenyewe linasema kifaa chenye nyimbo zilizopakuliwa kiingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Hesabu hiyo haianzi siku uliyopakua. Inaanza siku ya mwisho programu ilipowasiliana na Spotify. Wimbo ulioushusha mwaka juzi hauna uzee wowote machoni pa programu, mradi jana ulifungua data na programu ikawa wazi. Kwa hiyo mtu mwenye bando hata dogo, anayefungua Spotify kila wiki, anaweza kukaa miaka asijue kwamba saa hiyo ipo. Na kuwasiliana huko hakushushi nyimbo upya. Mafaili yanabaki palepale; kinachohuishwa ni leseni tu.

Nani basi hukwama? Hukwama yule mwenye simu ya zamani isiyo na laini, aliyoiacha kwenye gari au dukani ipige muziki tu. Hukwama pia mtu ambaye data anayo, lakini aliwasha hali ya nje ya mtandao ndani ya programu yenyewe (kwenye mipangilio inaitwa Offline mode) ili kubana matumizi, kisha akasahau kuizima. Huyu wa pili hushangaa zaidi kuliko wote, kwa sababu simu yake iko mtandaoni kutwa, WhatsApp inaingia na kutoka, ilhali Spotify imezuiwa kuongea na mtu yeyote tangu mwezi uliopita. Jaribio lake ni rahisi: tafuta wimbo ambao hujaupakua. Ukitokea na kupiga, programu imewasiliana. Usipotokea, saa yako inaendelea kuhesabu hata kama alama ya 4G inawaka.

Sababu ya saa hiyo kuwepo haisemwi vya kutosha. Iliyo wazi ni malipo: Premium ikikatika, nyimbo za nje ya mtandao nazo zinafungwa, na bila kuwasiliana programu haina namna ya kujua kama bado unalipa. Huku kwetu jambo hili linauma kwa namna yake, kwa sababu anayelipa kwa mkupuo wa mwezi mmoja badala ya kadi inayokatwa yenyewe anaweza kusahau tarehe, akarudi kwenye akaunti ya bure pasipo kukusudia. Akaunti ya bure inaruhusu kupakua podikasti, nyimbo hapana. Sababu ya pili inanivutia zaidi. Ukisikiliza wimbo bila mtandao, simu huandika kumbukumbu ya usikilizaji huo, nayo huhesabiwa kifaa kinaporudi mtandaoni. Usikilizaji mmoja huhesabiwa baada ya sekunde 30. Simu isiyounganishwa kamwe ingekuwa simu inayopiga nyimbo za watu bila mwenye wimbo kuhesabiwa hata mara moja. Mtu anaweza kusema siku 30 ni chache, na hoja hiyo nitaifikia. Kusema kwamba ni hila tupu ya kampuni si haki.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo lawama zinapoelekezwa pasipo. Chukua orodha ya nyimbo 500, kila moja dakika tatu na nusu. Jumla ni sekunde 105,000, yaani saa 29 na dakika 10 za muziki. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, kila sekunde hula kilobaiti 20, hivyo orodha nzima ni takriban GB 2.1. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 ni GB 4.2. Kwa kilobiti 96, ambazo kwa spika ya simu au ya daladala zinatosha kabisa, ni kama GB 1.26. Mtu anayesikiliza saa mbili kwa siku moja kwa moja kutoka mtandaoni kwa kilobiti 160 hutumia karibu GB 4.3 kwa mwezi. Aliyepakua alitumia GB 2.1 mara moja, na mwezi wa pili, wa tatu na wa nne hatumii kitu, ila hayo mawasiliano ya leseni.

Faida yote ya kupakua, kwa hiyo, inasimama juu ya sharti moja: usishushe orodha hiyo mara mbili. Kila ukiipoteza na kuirudia unalipa GB 2.1 nyingine, na ukiipoteza kila mwezi umebaki na nusu tu ya nafuu uliyoitafuta. Watu wengi wanaoona programu ina vurugu hujibu kwa kuifuta na kuisakinisha upya. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote. Kwenye Android, nyimbo za Spotify hukaa ndani ya folda ya programu yenyewe, Android/data/com.spotify.music, iwe kwenye hifadhi ya simu au kwenye memori kadi. Mfumo wa Android ukiondoa programu, huifuta na folda yake. Hakuna swali, hakuna pipa la taka la kurudia. Na kuinakili folda hiyo pembeni kwanza hakusaidii, kwa sababu mafaili yamefungwa kwa ufunguo ambao hauhami nayo.

Kabla ya kufuta, jaribu kwanza kuzima Offline mode, kuhakikisha Premium haijakatika, kisha kuifunga programu na kuifungua ukiwa na data. Ikiwa hifadhi imejaa, ndani ya mipangilio, sehemu ya Storage, kuna chaguo la kusafisha hifadhi ya muda, Clear cache. Hilo halifuti nyimbo ulizopakua. Linalofuta lina jina lake, Remove all downloads, nalo liko jirani kabisa, kwa hiyo soma kabla kidole hakijashuka. Usafishaji wa kutoka kwenye mipangilio ya simu, ule wa kufuta data yote ya programu, ni habari nyingine: huo unaondoka na kila kitu.

Memori kadi ndiyo mwizi mwingine asiyeshukiwa. Kwa simu yenye GB 32 ambayo nusu yake imeshaliwa na mfumo na picha za makundi ya WhatsApp, kuhamishia nyimbo kwenye kadi ni uamuzi wa busara, na programu ina njia rasmi: sehemu ya Storage, chagua kadi, subiri mafaili yahame. Tatizo ni kadi zenyewe. Zipo zinazouzwa kwa maandishi ya GB 64 ilhali ndani hazifiki hapo, na zikijaa huanza kuandika juu ya vilivyotangulia. Dalili yake ni kwamba mwanzoni nyimbo zinapiga vizuri, lakini kadi ikishapita kiwango fulani baadhi yake zinaruka, zinakwama katikati, au alama ya kijani ya kupakuliwa inatoweka na mshale unaanza kushusha upya. Mtu huona hivyo akasema "siku 30 hizo". Sizo. Siku 30 haziteui nyimbo. Zikikupata zinakupata kwenye kifaa kizima. Kadi ikitiliwa shaka, ipime kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama H2testw kabla ya kuipa GB nyingine za bando.

Kuhusu idadi ya vifaa, kiwango ni nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, kwenye vifaa visivyozidi vitano kwa akaunti moja. Elfu kumi si kikwazo kwa walio wengi. Tano nazo zinaonekana nyingi mpaka ununue simu mpya. Tuseme una simu, kompyuta ya nyumbani, kompyuta ya kazini, tableti ya watoto, na ile simu ya zamani ya kwenye gari. Ukipakua kwenye simu mpya, inakuwa ya sita, na Spotify huondoa nyimbo kwenye kifaa ambacho hakijatumika kwa muda mrefu zaidi. Kwa kawaida hicho ni simu ya gari, yaani kifaa pekee kilichokuwa kinategemea upakuaji kweli, huku kompyuta ya kazini yenye waifai kutwa ikibaki na nyimbo isizozihitaji. Dawa ni kuanza wewe: fungua kompyuta hiyo, ondoa vilivyopakuliwa, ndipo upakue kwenye simu mpya.

Na upande wa pili, wa wanaolalamika? Hoja yake iliyo nzito si siku 30, ni ukimya. Netflix, ambayo masharti yake ni makali zaidi (filamu nyingine hudumu siku saba tangu kupakuliwa, nyingine saa 48 tu tangu ubonyeze kuanza kutazama), angalau huonyesha muda uliobaki unapokaribia kuisha. Spotify haikuwekei tarehe mbele ya macho. Msikilizaji aliye kambini, baharini au kijiji kisicho na mnara hana namna ya kujua amebakiwa na siku 12 au mbili, na programu ambayo lazima iijue hesabu hiyo haina kisingizio cha kutoionyesha. Pia wimbo ukiondolewa Spotify kwa sababu za leseni, nakala yako nayo inakufa, hata kama ulilipa bila kukosa mwezi mmoja.

Kwa anayejua atakaa zaidi ya mwezi bila mtandao, basi, upakuaji wa Spotify haufai, na hakuna mpangilio utakaoufanya ufae. Huyo anunue mafaili ya kawaida ya nyimbo anazozipenda kweli na kuyaweka kwenye simu. Wengine waweke kikumbusho cha kalenda kila siku 25 kwa ajili ya kile kifaa kisicho na laini, wakiwashie mtandao kutoka simu ya mkononi, wafungue programu, wapige wimbo mmoja ambao haujapakuliwa. Wakumbuke pia kwamba kifaa hicho huuona mtandao huo kama waifai, hivyo kuzima ruhusa ya kupakua kwa data ya simu huenda kusisaidie: kama kuna nyimbo mpya kwenye orodha zinaweza kuanza kushuka papo hapo.