Siku walizozuia kontena wenyewe, kwa nini nilipie storeji mimi?

Jamaa zangu wa Kikuubo na wengine mnaoleta mzigo Kampala kutoka pwani, hii naandika nikiwa bado na uchungu. Mwaka huu niliagiza kontena moja la futi 20, vigae vya sakafu, na lilipotoka bandarini nikakuta bili ya storeji ya dola 525. Jina la bandari naliacha. Siku za bure ziliisha tarehe 12, kontena likatoka tarehe 26, kwa hiyo nilihesabiwa siku 14 na kati ya hizo 14 za kwangu mimi mwenyewe ni tano tu.

Nawaeleza siku moja moja kwa sababu msamaha wa storeji unapatikana au unakosekana hapo hapo. Tarehe 13 mpaka 15 nilikuwa nahangaika na pesa ya ushuru, na mnajua tangu 2014 tulipoingia Himaya Moja ya Forodha ushuru tunaulipa huku Uganda kabla mzigo haujaondoka bandarini, sasa nikichelewa kulipa Kampala kontena linakaa pwani, hizo siku tatu ni zangu sibishani. Tarehe 16 kontena likapita skana, picha ikawatia shaka, watu wa forodha wakasema lifunguliwe likaguliwe, likakaa mpaka 19 ndipo wakalikagua na hawakukuta kitu, vigae vile vile vilivyoandikwa kwenye karatasi. Siku nne. Tarehe 20 mpaka 22 sistimu ya bandari ikalala, karatasi zote ziko tayari lakini geti haliwezi kutoa ruhusa. Siku tatu. Tarehe 23 lori likaingia likaambiwa kontena liko chini ya mengine mawili na mashine ya kunyanyua imeharibika, dereva akalala ndani ya lori siku mbili. Halafu mwenye lori akachoka akampa dereva mzigo mwingine, tukatafuta lori lingine, hizo ni 25 na 26.

Kosa ambalo wengi wetu tunafanya, na mimi nilikuwa nalifanya miaka yote, ni kuandika barua ya kulia. Tunaomba mtuhurumie, biashara mbaya, tunaomba storeji yote ifutwe. Barua kama hiyo inakataliwa haraka kwa sababu anayeisoma akiona hata siku moja ambayo ni ya kwako anapata sababu ya kuitupa yote. Safari hii ejenti wangu wa pwani akanipigia akaniambia, "Bosi, usiombe 14, omba tisa, na zile tano zako ziandike mwenyewe kabla hawajaziona." Alikuwa sahihi kabisa. Tukaandika siku 14 zote zikifuatana kwa tarehe, kila moja nani alikuwa ameshika kontena, na ushahidi wake ubavuni. Lile lori la pili sikuliombea. Ni kweli kama mashine isingeharibika lori la kwanza lisingeondoka, lakini mkataba wa lori ni wangu na ukianza kuomba siku za mbali hivyo unachafua zile zilizo wazi.

Ushahidi wenyewe lazima ukusanywe siku ile ile. Sistimu ikilala, ejenti apige picha skrini inayoonyesha tarehe na saa, na atume imeli kwa bandari siku hiyo hiyo hata kama hakuna atakayejibu, kwa sababu baada ya wiki mbili hakuna mtu atakayekumbuka sistimu ililala saa ngapi. Lori likiingia, ile karatasi ya geti yenye saa ya kuingia usiitupe, na lori likitoka tupu karatasi ipigwe muhuri. Ile ya kwetu dereva aliikunja akaweka kwenye kopo la majani ya chai, ilifika Kampala na doa la chai lakini saa ilisomeka, na nadhani hiyo ndiyo iliyotupatia siku mbili za mashine.

Kitu kingine ambacho sikukijua, storeji inapanda kwa ngazi. Kwenye invoisi yangu siku saba za kwanza zilikuwa dola 30 kila siku, kuanzia ya nane dola 45. Ndiyo maana 210 na 315 ikawa 525. Sasa wakikusamehe siku za katikati, angalia wamezitoaje. Wakizifuta tu zile tisa mahali zilipo, wanatoa nne za dola 30 na tano za dola 45, unabaki na deni la 180. Lakini kama saa ilitakiwa isimame, basi siku zangu tano zingekuwa zote ndani ya ngazi ya kwanza, nalipa 150. Tofauti ni dola 30 kwa kontena moja, mwenye makontena kumi ahesabu mwenyewe. Kwenye barua andika wazi kwamba unaomba bili ihesabiwe upya kama vile siku hizo hazikuwepo.

Na barua hii haigusi demareji. Hiyo ni pesa ya kampuni ya meli kwa kukaa na kontena lao, bandari haiwezi kuifuta, unaiombea kwao kwa barua nyingine na ushahidi ule ule. Kuna watu wanapata msamaha wa storeji wanafurahi, halafu demareji inawakuta kontena tupu likirudishwa.

Jibu letu lilitoka hivi: siku tano za sistimu na mashine bandari ilikubali, dola 225 zikatoka. Zile nne za ukaguzi ikakataa, ikasema iliyozuia ni forodha, si bandari. Tukaenda forodha, wakasema sisi hatutozi storeji. Hapo ndipo nina ugomvi. Mimi siwezi kuigusa kontena ikiwa imezuiwa, nikijaribu ni kosa la jinai, lakini kwa siku hizo hizo natozwa pesa kana kwamba nimeliacha pale kwa kupenda. Sisemi forodha wasikague, wakague. Nasema ukaguzi ukiisha bila kosa, siku za kuzuiwa zisihesabiwe, na sistimu inaona yenyewe lini kontena limezuiwa na lini limeachiliwa, haihitaji barua yangu. Kama wamekuta nimedanganya, hapo nilipe mpaka senti ya mwisho.

Mtu wa pwani anaweza kwenda ofisini asubuhi akarudi mchana. Mimi niko zaidi ya kilomita 1,000, kila muhuri unapita kwa ejenti, na wakati tunasubiri jibu saa ya storeji inaendelea kutembea. Ndiyo maana nililipa kwanza nikatoa mzigo, ila kabla ya kulipa tukapeleka barua ikapokelewa kwa muhuri, ikisema tunalipa huku tunapinga siku tisa. Ukilipa kimya halafu ukarudi kudai, unaambiwa ulikubali bili.

Kwa zile siku nne tumeomba forodha watupe barua moja tu inayotaja tarehe ya kuzuia, tarehe ya kuachilia na kwamba hakuna kosa lililopatikana. Hatuombi watulipe. Barua hiyo ikitoka tunairudisha bandarini na hesabu yetu ya dola 150, na ejenti ameshaniambia Jumatatu anakwenda tena kusimama kwenye ile dirisha.